Barua ya kubadili saa za shule: mzazi anatafuta saa ya basi kituoni kwake

Julai 2024 niliandika barua mbaya, na waliolipa gharama ni watoto. Nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya msingi ya binafsi upande wa Kimara, Dar es Salaam. Uongozi ulikuwa umeamua masomo yaanze saa 1:30 asubuhi badala ya saa 1:00. Nikaandika mistari minne: husika na kichwa cha habari hapo juu, kutokana na sababu zisizozuilika, kuanzia Jumatatu ijayo masomo yataanza saa 1:30, tunaomba ushirikiano wenu. Mhuri ukagongwa, watoto wakapewa siku ya Alhamisi.

Jumatatu asubuhi watoto kumi na mmoja wa Kibamba waliachwa na basi. Wazazi wao walipiga hesabu ambayo mtu yeyote angepiga: shule imesogea nusu saa, basi nalo limesogea nusu saa. Halikusogea hivyo. Baadhi ya barua nazo zilitolewa kwenye begi Jumapili usiku, na wengine walizisoma Jumatatu yenyewe, wakaelewa kwamba "Jumatatu ijayo" ni ile ya wiki inayofuata. Wiki ya pili tukarudisha saa za zamani.

Mwaka uliofuata mabadiliko yaleyale yaliletwa tena, nikaomba niandike mimi. Safari hii sikuanza na karatasi, nilianza na dereva.

Nilikaa naye na matroni wa basi, tukaandika njia nzima. Basi ni moja, tripu ni mbili. Tripu ya kwanza ilikuwa inaanza Kibamba saa 11:10 alfajiri na kufika shuleni saa 12:05. Tripu ya pili ilikuwa inatoka shuleni saa 12:10 kuwafuata watoto wa Goba na kuwafikisha saa 12:50. Sasa tunataka watoto wa Goba wafike saa 1:20. Dereva akasema jambo ambalo sisi wa ofisini hatukuliwaza: muda huo foleni imeshakaza, kwa hiyo njia ya dakika 40 itakula dakika 55. Maana yake lazima aondoke shuleni saa 12:25. Akiondoka saa 12:25, tripu ya kwanza lazima iwe imeshusha saa 12:20, na mtoto wa kwanza wa Kibamba achukuliwe saa 11:25.

Kwa hiyo nusu saa ya getini ni robo saa tu Kibamba. Hapo ndipo wale kumi na mmoja walipoachwa. Barua yoyote ya kubadili saa inayotoka kabla ya hesabu hii kufanyika na kupimwa njiani asubuhi ya siku ya kazi, basi likiwa barabarani kweli, itadanganya hata kama kila neno lake ni sahihi. Sisi tulipima siku tatu mwezi Juni. Siku moja mvua ilinyesha, tripu ya Goba ikachukua zaidi ya saa nzima, ndiyo maana baruani tuliwaomba wazazi wawe kituoni dakika tano kabla.

Sababu nayo iandikwe kama ilivyo. "Sababu zisizozuilika" ni maneno yanayozaa uvumi. Mwaka ule wa kwanza nilisikia kwa masikio yangu kwamba walimu wanachelewa kuamka, na kwamba basi limekufa. Ukweli ulikuwa mwepesi kuueleza: Dar es Salaam jua la Julai huchomoza karibu saa 12:35, wakati mwezi Novemba huwa limeshachomoza kabla ya saa 12:00. Tripu ya kwanza mwezi Julai yote iko gizani, na mtoto anayevuka barabara kulifuata basi, dereva wa lori hamwoni. Sentensi mbili zinatosha. Ila ukitaja sababu ya msimu, mzazi atauliza mara moja: Novemba mnarudi saa za zamani? Jibu liwe humo humo kwenye barua.

Mabadiliko yakitoka wizarani ni rahisi zaidi, kama mwaka 2022 kalenda ilipopangwa upya kwa ajili ya sensa ya 23 Agosti. Hapo unataja kwamba ni agizo la wizara, unaweka tarehe, unaendelea. Mihula si yetu kuisogeza.

Kuhusu tarehe ya kuanza, rasimu yangu ya 2025 ilisema Jumatatu, 7 Julai. Mwalimu mwenzangu akaitazama akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni Saba Saba." Nikaifuta. Halafu tukakubaliana jambo ambalo sasa ningelisimamia popote: siku ya kufungua shule na siku ya kuanza saa mpya zisiwe moja. Wiki ya kwanza watoto wengine bado wako mikoani kwa bibi, sare zinatafutwa, simu za ada hazikatiki. Tulianza Jumatatu ya wiki iliyofuata, na tukaandika pia siku ya mwisho ya saa za zamani, maana mzazi akiona tarehe zote mbili hana pa kukosea.

Barua tuliiambatanisha na ripoti za Juni, kwa kuwa ripoti mzazi haikosi kuitazama. Tuliiandika kwa Kiswahili, ingawa shule ni ya mchepuo wa Kiingereza. Anayempeleka mtoto kituoni saa 11 alfajiri mara nyingi ni dada wa nyumbani au bibi, na huyo ndiye aliyehitaji kuisoma. Saa tuliziandika kwa mtindo mmoja tu, saa ya Kiswahili na neno lake, alfajiri au asubuhi. Ukichanganya 7:30 ya simu na saa 1:30 ya ukutani kwenye karatasi moja, kuna mtu atakosea.

Hii ndiyo iliyokwenda Kibamba. Ya Goba ilikuwa na kituo na saa zake.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: MASOMO KUANZA SAA 1:30 ASUBUHI KUANZIA JUMATATU, 14 JULAI 2025

Hadi Ijumaa, 11 Julai, saa za zamani zinaendelea.

Mwezi huu jua linachelewa kuchomoza na watoto wanalisubiri basi gizani. Tumesogeza masomo kwa nusu saa ili kupunguza muda huo. Saa mpya zitabaki hadi shule zitakapofungwa Desemba.

Basi litafika kituo cha mtoto wako saa 11:25 alfajiri (zamani 11:10). Tafadhali awe kituoni saa 11:20. Basi halitasogea nusu saa nzima kwa sababu ya foleni ya tripu ya pili.

Kutoka ni saa 9:30 alasiri badala ya saa 9:00.

Kwa wanaoletwa na wazazi: geti litafunguliwa saa 12:30 asubuhi kama zamani, na mwalimu wa zamu atakuwepo.

Kata kipande cha chini, saini, mtoto akirudishe siku ya kufungua shule.

Kifungu cha geti kilitatua ugomvi ambao sikuutarajia. Wazazi wanaopita shuleni wakielekea kazini Posta hawana mahali pa kumweka mtoto kwa nusu saa, na wangepinga mpango mzima kwa haki kabisa.

Vipande havikurudi vyote. Tisa vilikosekana, na Ijumaa mchana nikapiga simu nyumba tisa. Mama mmoja wa Kibamba alikuwa hajaiona barua kabisa. Nikamsomea mstari wa basi, akanirudishia, "Saa kumi na moja na dakika ishirini," kisha nikamsikia akimwita dada aje aiandike.