Hitimisho la upembuzi yakinifu litokane na hesabu zake

Wanaoanza kazi ya kuandaa upembuzi yakinifu huandika hitimisho mwishoni, wakiwa wamechoka, na mara nyingi huandika kile ambacho mteja anatarajia kusikia. Tuchukue mfano wa ushirika wa wafugaji unaotaka kukopa ili ujenge kituo cha kupoza maziwa. Rasimu inamalizia hivi: "Kwa kuzingatia matokeo hayo, mradi una tija na unapendekezwa utekelezwe mara moja."

Kabla ya kugusa sentensi hiyo, rudi kwenye majedwali. Kituo kinabakiwa na shilingi 250 kwa kila lita, na gharama zake za kudumu, pamoja na marejesho ya mkopo, ni shilingi milioni 15 kwa mwezi. Kwa hiyo kinahitaji lita 2,000 kwa siku ili kisipate hasara. Makadirio ni lita 2,800 katika miezi saba ya malisho mengi na lita 1,300 katika miezi mitano ya kiangazi, yaani wastani wa lita 2,175. Wastani huo ndio uliozaa neno "tija", lakini umeficha mambo mawili. Kila mwezi wa kiangazi kituo kitapungukiwa shilingi 5,250,000, ilhali benki haisubiri mvua. Na maziwa yakipungua kwa kiasi kinachozidi kidogo asilimia 8, mwaka mzima unakuwa wa hasara. Asilimia 8 ni kidogo mno pale ambapo wachuuzi hulipa taslimu asubuhi ileile, na ushirika hulipa mwisho wa mwezi.

Hitimisho lililofanyiwa kazi upya lingesomeka hivi: "Kituo kinaweza kujiendesha iwapo wastani wa mwaka hautashuka chini ya lita 2,000 kwa siku. Makadirio ya lita 2,175 yanatokana na ahadi za wafugaji, si maziwa yaliyopimwa. Tunapendekeza ushirika usikope kabla ya kupima maziwa kwa kiangazi kimoja na kutenga shilingi 26,250,000 za kuendeshea kituo katika miezi hiyo mitano. Masharti haya yasipotimia, kituo kisijengwe."

Vihatarishi vikae humo humo, karibu na pendekezo, badala ya kutupwa kwenye kiambatisho. Sentensi kama "hali ya hewa inaweza kuathiri mradi" haimsaidii mtu. Andika ni lita ngapi zitapungua, hasara ni kiasi gani, na nani ataibeba. Wapo wakubwa watakaokuambia kwamba masharti yanaufanya mradi uonekane dhaifu. Mimi huwaonyesha mstari wa miezi ya kiangazi kwenye jedwali la mtiririko wa fedha na kuwauliza afisa mikopo atausoma vipi, kwa kuwa ataufikia hata kama hitimisho limeunyamazia.