Tafsiri Safi, Namba Mbovu

Kwa sisi tunaohangaika na mizigo hapa Kigoma, karatasi za Kifaransa ni za kila siku. Zinapigwa picha Kalemie, Uvira au Bujumbura, zinatumwa WhatsApp, na anayezipokea Mwanga au kule mwaloni Kibirizi anafungua programu ya kutafsiri, anaelekeza kamera, na ankara nzima inageuka Kiswahili palepale kwenye kioo cha simu. Mimi mwenyewe natumia, na kwa maneno sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwenye namba: ya simu ya mpokeaji, ya kontena, ya kumbukumbu ya mzigo.

Programu hizi zinafanya kazi mbili, moja baada ya nyingine. Kwanza inasoma herufi kwenye picha, kisha inatafsiri ilichosoma. Ikikosea herufi moja kwenye neno, maneno ya jirani yanaiokoa. Hata wewe ukikuta "mzlgo umefika bandarini" unajua ni mzigo. Namba haina wa kuiokoa. 47 na 41 zote ni namba halali, na sentensi inayozizunguka itatoka imenyooka vilevile, iwe imesomwa sawa au la. Kwa hiyo usipime namba kwa uzuri wa tafsiri. Nimeona wafanyabiashara wazoefu wakinakili namba kwa sababu tu Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

La kwanza kabisa ni kurudi kwenye picha yenyewe. Tafsiri ya kamera hufunika maandishi ya asili kwa maandishi mapya, kwa hiyo tarakimu unazoziona hazikuandikwa na mwenye kalamu, zimeandikwa na simu yako. Bonyeza uone maandishi ya asili, vuta picha iwe kubwa, usome wino. Ukivuta ikawa ukungu mtupu, usikisie. WhatsApp hupunguza ubora wa picha ili ipite haraka, basi mwombe aliyetuma airudishe kama dokumenti, isiwe picha ya kawaida, na karatasi aiweke mezani badala ya kuishika mkononi. Mkunjo unaopita katikati ya 3 unaweza kuifanya 8, na muhuri wa bluu uliopigwa juu ya tarakimu ni balaa jingine.

Kwenye maandishi ya mashine, wakorofi wanajulikana: 0 na O, 1 na I, 5 na S, 8 na B, 2 na Z. Maandishi ya mkono ya ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa yana jambo lao. Waliofundishwa kuandika kwa mtindo wa Kifaransa huipa 1 mkia mrefu unaopanda kutoka chini kushoto, na 7 wanaikata kistari katikati. Kwa jicho letu, na kwa macho ya programu nyingi, 1 ya namna hiyo ni 7 kabisa. Dawa yake imo kwenye karatasi hiyohiyo. Tafuta 1 ambayo huna shaka nayo. Ankara nyingi zina safu ya kwanza inayohesabu bidhaa: 1, 2, 3, 4, na kuendelea. Hapo mwandishi amekuandikia kwa mkono wake mwenyewe 1 yake ilivyo, na orodha ikifika saba unaiona na 7 yake. Tarehe nayo husaidia, maana mwaka unaujua. Ukishaona kwamba saba zake zote zina kistari, ile isiyo na kistari kwenye namba ya simu ni moja, hata tafsiri iseme nini.

Kuna makosa mengine mawili ya karatasi za Kifaransa ambayo hayahusu mwandiko. Wenzetu wakiandika "namba" kwa kifupi huweka `N°`, herufi N na kiduara kidogo juu. Kiduara hicho husomwa sifuri, na wakati mwingine kinagandamana na namba inayofuata. Kumbukumbu iliyoandikwa `N° 45812` inakujia 045812, na ukiitafuta kwenye daftari la ghala huipati. La pili ni mkwaju. Mtu mwenye laini mbili huandika namba zote mbili na kuweka / katikati. Mkwaju ukisomwa kama 1, namba mbili zinakuwa moja ndefu, au ya kwanza inaongezeka tarakimu mkiani.

Hapo ndipo kuhesabu kunapofaa. Kabla ya kulinganisha chochote, hesabu tarakimu. Namba ya Burundi baada ya +257 ina tarakimu nane, na ndani ya nchi yao hawatangulizi sifuri. Ya Kongo baada ya +243 ina tisa, kama yetu baada ya +255, na ikiandikwa kwa matumizi ya nyumbani inaanza na 0 kisha zile tisa. Kwa hiyo ukiona namba ya Bujumbura yenye tisa baada ya 257, kuna kitu kimeongezwa, na mara nyingi ni ule mkwaju. Ukiona ya Kalemie yenye nane, kuna kilichomezwa, na hapo angalia kwanza palipo na tarakimu pacha kama 00 au 77, maana ndipo moja inapopotea kirahisi.

Hesabu ikikubali, linganisha tarakimu moja moja. Mimi naanza mwisho kurudi mwanzo. Ukisoma kutoka kushoto, jicho linakwenda na mazoea: +243 umeiona mara elfu, unaipita bila kuitazama, na kasi hiyohiyo inakupitisha kwenye tarakimu zinazofuata. Ukirudi kinyumenyume kila moja inabaki peke yake. Kama mpo wawili, mmoja asome kwenye picha, mwingine aweke alama kwenye namba iliyonakiliwa. Msomaji asiione nakala, la sivyo atasoma anachokitarajia.

Namba ya simu, hata ukiisoma vizuri namna gani, haina kitu ndani yake cha kukuambia kwamba iko sawa. Namba ya kontena inacho, na nashangaa wengi wetu hatukitumii. Mizigo ya Kongo inayopita Dar es Salaam kuja kwetu husafiri na namba yenye herufi nne na tarakimu saba. Herufi ni za mwanzo tu na tarakimu ni za mwisho tu, kwa hiyo O ikijitokeza kwenye zile saba ujue ni sifuri. Herufi ya nne karibu kila mara ni U. Tarakimu ya saba ni ya ukaguzi: inapatikana kwa hesabu kutoka kwenye zile kumi zilizotangulia.

Kila herufi ina thamani. A ni 10, B ni 12, C ni 13, unaendelea hivyo ukiruka 11, 22 na 33, mpaka Z ambayo ni 38. Kila nafasi inazidishwa kwa namba inayojirudufu: 1, 2, 4, 8, hadi 512. Jumlisha, gawanya kwa 11, kinachobaki ndiyo tarakimu ya mwisho. Nachukua CSQU3054383, namba inayotumika sana kufundishia:

```
C  13 x   1 =   13
S  30 x   2 =   60
Q  28 x   4 =  112
U  32 x   8 =  256
3   3 x  16 =   48
0   0 x  32 =    0
5   5 x  64 =  320
4   4 x 128 =  512
3   3 x 256 =  768
8   8 x 512 = 4096
            = 6185
```

Kumi na moja inaingia kwenye 6185 mara 562, ambayo ni 6182, na inabaki 3. Tarakimu ya mwisho ni 3. Imekubali. Sasa tuseme picha ilikuwa na kivuli na ile 8 ikasomwa 3, ikawa CSQU3054333. Mstari wa mwisho unakuwa 3 x 512, yaani 1536, jumla inashuka hadi 3625, na ukigawanya kwa 11 inabaki 6. Namba inasema 3, hesabu inasema 6. Umeshajua kuna kosa kabla hujampigia mtu wa bandari, ingawa hesabu haikuambii liko tarakimu ipi. Kwa hilo unarudi kwenye picha.

Kikokotoo cha simu kinatosha, na tovuti ya BIC, ile ofisi ya Paris inayosajili alama za wenye makontena, ina sehemu ya kukuhesabia. Mipaka ipo. Makosa mawili kwa pamoja yanaweza kufichana, na kikibaki 10 huandikwa 0, hivyo kuna kosa mojamoja linaloponyoka. Tena kama picha imepigwa ubavuni mwa kontena lenyewe, angalia mwisho kwa makini: tarakimu ya ukaguzi huchorewa kisanduku, na kisanduku hicho huifanya programu kuiruka kabisa au kuona 8 mahali pa 3.

Wapo wanaosema wapige picha hiyohiyo kwa programu mbili, zikikubaliana basi. Sikubaliani nao sana. Kama kasoro ni mkunjo au muhuri, zote mbili zinatazama mkunjo uleule. Afadhali picha mpya kutoka pembe nyingine, au bora zaidi mahali pengine namba hiyo ilipoandikwa: kumbukumbu ya mzigo mara nyingi iko juu ya ankara na iko tena kwenye karatasi ya usafirishaji.

Ikibaki shaka, uliza, ila uliza vizuri. Ukimwambia mtu wa Kalemie "nitumie tena namba", atakutumia picha ileile. Ukimpigia akakusomea kwa Kifaransa, wanasoma kwa mafungu ya makumi, na kwenye simu inayokatika mafungu yanachanganyika. Kiswahili anakijua, mwombe kwa Kiswahili, tarakimu moja moja. Mzee mmoja wa dagaa pale Kibirizi huwa anawaambia, "Kaka, nisomee kama unamhesabia mtoto." Kwa ujumbe mimi naandika nilichosoma kwa nafasi katikati, na mahali pa shaka naweka alama ya kuuliza, kisha nauliza hilo moja tu: "Habari za huko mzee. Namba ya kontena nimeisoma hivi: C S Q U 3 0 5 4 3 ? 3. Iliyo kabla ya mwisho ni 8 au 3? Naomba uitazame kwenye karatasi yenyewe, si kwenye picha."