Barua kwa mwanangu: habari ya mtu ianze na mwenyewe

"Mama, watatu waliomba nafasi ya msimamizi wa ghala na mmoja tu ndiye amepata. Ijumaa asubuhi natangaza kwenye kikao. Niseme maneno gani ili wale wawili wasijione wametupwa?"

Mwanangu mpendwa,

Maneno ya kikao hayanisumbui sana. Ninachotaka kujua ni hao wawili wataisikia wapi kwanza, maana hapo ndipo mtu anapojeruhiwa.

Unaukumbuka mwaka mliokaa kwa shangazi yenu Korogwe. Sababu yake hamkuwahi kuambiwa yote. Mwaka uliotangulia, orodha ya waliopandishwa daraja ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, nami nilikuwa wodini nakabidhi zamu. Mwanafunzi wa uuguzi akanijia mbele ya wagonjwa, akaniambia, "Pole, Sista." Pole ya nini, sikujua. Nikamwacha aende, nikamaliza kukabidhi dawa, ndipo nikaenda kusoma ubaoni. Jioni tukaitwa kikaoni, mkubwa wetu akasema sote ni washindi, tukagawiwa soda. Ile soda sikuinywa, na mpaka leo nikiikumbuka moyo hunipanda.

Wakati ule tathmini ilikuwa ya siri: mkubwa wako anakuandika na wewe huoni alichoandika. Mfumo wa wazi, ule wa OPRAS, serikali iliuanza mwaka 2004, na ndani yake mtumishi na mkubwa wake walikuwa wakikubaliana malengo na kuyajadili. Sisi hatukuwa na hilo. Karani mmoja wa utumishi ndiye aliyeninong'oneza, miezi baadaye, kwamba kilichonikwamisha ni stashahada. Stashahada tu! Kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukisomea, na nilikwenda, nanyi mkaenda Korogwe. Kama ningeambiwa siku ile ile, nisingepoteza miezi yote ile nikijiuliza nani kanichukia.

Kwa hiyo habari ya mtu ianze na mwenyewe. Waite wote watatu Alhamisi, kila mmoja peke yake. Anza na aliyepata, kwa sababu anaweza kuikataa nafasi, na akikataa utakuwa umewaumiza wenzake bure. Akikubali, mwombe anyamaze mpaka kesho. Kisha hao wawili, mmoja baada ya mwingine, karibu na saa ya kutoka kazini, ili anayetoka kwako aende nyumbani moja kwa moja asirudi mezani kwake na macho mekundu.

Najua marehemu baba yako angenipinga hapa. Angesema habari mbaya mpe mtu asubuhi, apate mchana mzima wa kukuuliza. Ana hoja. Lakini asubuhi ina watu wengi wa kumtazama usoni, na kesho yake Ijumaa utakuwepo, ataweza kurudi na maswali. Ambacho nisingekubali ni kuwaambia Ijumaa jioni, wakakaa siku mbili na maswali yasiyo na wa kuyajibu.

Ukikaa naye, mwambie jibu katika sentensi ya kwanza. Usianze na sifa, kwani atazisikiliza akingojea "lakini". Kisha mtajie kigezo kilichomwangusha, kwa jina lake: hesabu ya mali iliyokuwa na tofauti mwezi kwa mwezi, au kutokuwahi kuongoza zamu. Usimlinganishe na aliyepata. Usimwambie "safari ijayo ni yako", maana nafasi hiyo huimiliki. Ukishindwa kutaja kigezo, basi rudi ukaangalie upya alama zako kabla ya kumwita.

Kikaoni sema kwa ufupi nani ameteuliwa, anaanza lini, nani ataripoti kwake. Wala usiwashukuru hao wawili kwa majina. Nimewahi kuona mtu akishukuriwa hivyo, na nusu ya chumba hawakujua hata kama aliomba. Na kwenye kundi la WhatsApp usitangulie kuweka chochote.

Baada ya wiki mbili hivi, warudie. Mtu aliyeumia humjui kwa kununa tu. Angalia yule aliyekuwa akibisha vikaoni, sasa anakubali kila kitu. Huyo mpe kazi yenye uamuzi ndani yake, amwone mtu akimtegemea.

Sasa kuhusu uliyemchagua, ulimi unaniwasha. Yule mkubwa kwa umri ndiye aliyemfundisha huyu kazi, ulinisimulia mwenyewe siku ya Idi. Ningekuwa mimi... basi, naacha. Alama umezisoma wewe, mimi nimesikia majina tu. Ila ukimwita huyo mzee, muulize angependa wenzake waambiwe nini kuhusu maombi yake, au wasiambiwe kitu. Kisha niandikie alivyojibu.

Mama yako