Bosi akisema "Shabat shalom", mtu wa dini nyingine anajibu nini

"Wadau, nimeanza kazi hapa Nairobi na kampuni ya Waisraeli. Bosi wangu yuko Yerusalemu, na kila mwisho wa wiki anatuandikia 'Shabbat shalom' kwenye grupu. Mimi ni Muislamu. Nijibu nini nisionekane najifanya wa dini yao, na nisimvunjie heshima? Na nikichelewa kuiona?"

Dada, jibu lake ni maneno yaleyale: "Shabat shalom", yaani Sabato ya amani. Sisi tumezoea kwamba salamu ina kwenda na kurudi; ukiambiwa asalaam alaikum unarudisha waalaikum salaam, ukiambiwa hujambo unasema sijambo. Hii haigeuzwi. Mwenzako akikwambia, mrudishie kama ilivyo, basi.

Mimi ni Mlutheri, na niliijua salamu hii nilipokuwa Israeli kwa mafunzo ya kilimo, kule bonde la Arava, kusini jangwani, wanakolima pilipili hoho na tende. Ijumaa tulikuwa tunafanya kazi nusu siku. Ikikaribia adhuhuri mkanda wa kufungashia unazimwa, tunauosha kwa maji ya presha, maboksi ya mwisho yanaingia chumba cha baridi. Msimamizi wetu, mzee mwenye kile kikofia chao kidogo utosini, alikuwa anampitia kila mtu mmoja mmoja kabla hajaondoka: Wathai, sisi Watanzania, dereva Mwarabu aliyekuja kuchukua mzigo. "Shabat shalom, Shabat shalom." Wathai wale ni Wabudha na walikuwa wanamjibu vilevile huku wakivua glavu. Dereva pia. Hakuna aliyedhani mwenzake amebadili dini.

Kwao kazini salamu hii ni ya kuagana mwisho wa wiki kama ilivyo ya ibada. Hata Muisraeli ambaye hajakanyaga sinagogi miaka mingi, na Jumamosi yuko ufukweni na gari lake, ataisema Alhamisi jioni anapofunga kompyuta. Hospitalini na kwenye maduka ya dawa kule wapo Waarabu wengi wanaofanya kazi, Waislamu na Wakristo, na wanawaambia wagonjwa "Shabat shalom" kila wiki. Ikifika mwezi wa Ramadhani, wenzao Wayahudi nao wanawaambia "Ramadan karim". Bosi wako akiona umejibu hivyo ataelewa umempokea salamu yake, hatafikiri zaidi ya hapo.

Ila najua wapo ambao moyo unasita kutaja siku ya ibada ya watu wengine, na sitaki kukulazimisha jambo la dini yako. Mwenzangu wa chumbani kule Arava alikuwa Muislamu kutoka Pemba, mtu wa swala tano, naye alikuwa na jibu lake ambalo nadhani litakufaa: "Toda, gam lekha." Yaani asante, na wewe pia. Ni jibu kamili, la heshima, na Sabato haimo ndani yake. Hapo uangalie jambo moja tu. "Gam lekha" anaambiwa mwanamume. Mwanamke anaambiwa "gam lakh", na watu wengi kwa pamoja "gam lakhem". Hiyo "kh" isome kama watu wa pwani wanavyosoma khofu na kheri, kooni kabisa. Kwenye grupu, kama bosi ameandika kwa wote na wewe unataka kumjibu yeye pamoja na wengine, Waisraeli wenyewe huandika "Shabat shalom lekulam", yaani kwa wote.

Ukija kuitamka kwa mdomo, mkazo unakaa mwishoni: shaBAT shaLOM. Sisi ulimi wetu unavuta mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuongeza irabu, tunapata "Shabati shalomu". Wataelewa na watafurahi, lakini ukiizoea vizuri inapendeza zaidi.

Sasa kwenye kuchelewa, hapo ndipo ningeomba usome kwa makini, kwa sababu saa ina uzito kuliko maneno. Sabato inaingia Ijumaa jioni, haianzi saa sita usiku. Wewe hilo halitakusumbua, mnajua siku inaingia jua likizama. Lakini wao hawangoji mpaka jua lizame. Mishumaa ya Sabato inawashwa kabla: sehemu nyingi ni dakika 18 kabla ya machweo, na Yerusalemu desturi ni dakika 40. Pale Yerusalemu king'ora kinalia mji mzima wakati huo. Kuanzia hapo mtu anayeshika Sabato hagusi simu, haandiki, hawashi taa wala gari, mpaka kesho yake usiku nyota tatu zionekane.

Tuliangalie kwa saa za Nairobi. Mwezi wa Desemba jua la Yerusalemu linazama kama saa 10 na nusu jioni kwa saa zao, kwa hiyo mishumaa inawashwa karibu na saa 10. Majira ya baridi Israeli iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwako ni kama saa 11 jioni. Mwezi wa Juni mambo ni tofauti kabisa: wanasogeza saa zao mbele, zinalingana na zetu, na jua linazama karibu saa 2 kasorobo usiku, mishumaa kama saa 1 na dakika chache. Umeona tofauti? Ujumbe uliotuma Juni saa 12 jioni ukamfikia vizuri, Desemba saa hiyohiyo utamkuta simu imezimwa zamani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kazini kwao wiki inaanza Jumapili na kuisha Alhamisi, ofisi nyingi Ijumaa hazifunguliwi, ndiyo maana salamu zinaanza kumiminika tangu Alhamisi mchana. Ukiiona Alhamisi au Ijumaa asubuhi, jibu hapohapo. Wewe ukitaka kuianza mwenyewe unaruhusiwa kabisa, na Alhamisi unapomaliza barua pepe ya mwisho ndiyo mahali pake. Ijumaa mwisho wako uwe baada ya adhuhuri mapema, kwa sababu alasiri nyumba nzima iko mbioni: chakula kipikwe kiishe, watu waoge, simu ichajiwe iwekwe kando.

Kama umeiona Ijumaa saa 2 usiku, acha. Usijibu. Hutakuwa umemkosea, yeye mwenyewe hategemei jibu saa hizo. Ukituma simu inaweza kuita au kuwaka mezani mbele ya familia na hawezi kuigusa kuizima. Kupiga simu ni vibaya zaidi, maana kule simu inayoita ndani ya Sabato kwenye nyumba ya watu wa dini inawashtua, wanadhani kuna mtu amefariki au yuko hospitali.

Utajuaje kama bosi wako ni wa kundi hilo au ni yule wa ufukweni? Mtazame Jumamosi. Kama amewahi kuandika chochote kwenye grupu Jumamosi mchana, hashiki Sabato kwa namna hiyo, na ukichelewa hakuna neno. Kama kila Ijumaa anakuwa kimya saa zilezile na anarudi Jumamosi usiku, umeshajua. Kwa kuwa yuko Yerusalemu, hadi uhakikishe, mchukulie kuwa anashika.

Yako mambo ambayo nimeona wenzetu wakiyafanya kwa nia njema kabisa na hayakai vizuri. La kwanza ni kumjibu kwa picha yenye maua, msalaba na aya ya Injili, kama tunavyotumiana wenyewe kwa wenyewe kila asubuhi. Myahudi anayeshika dini ataona kama unamhubiria. Mpe maneno mawili yake, usiongeze mahubiri ya upande wowote. La pili, ndugu zetu Waadventista, ambao nao wanashika kuanzia machweo mpaka machweo na wanasalimiana "Sabato njema", wakati mwingine wanachukulia kuwa wameshakuwa dini moja na bosi na kuanza mjadala. Salamu tu inatosha.

Ukikutana na mzee wa Kiyahudi wa jamii za Ulaya, hasa wale wa Bnei Brak kule Israeli au Brooklyn kule Marekani wenye kanzu nyeusi, anaweza kukwambia "Gut shabes" badala yake. Hiyo ni Kiyidi, si Kiebrania. Mrudishie "Gut shabes". Na mwingine ataongeza: "Shabat shalom umevorakh", yenye amani na baraka. Hapo "Shabat shalom" ya kawaida inatosha, ukiongeza "umevorakh" ni sawa pia. Bosi wa dini akija Nairobi na hakukupa mkono, usiumie. Wengi wao hawamgusi mwanamke asiye wa nyumbani kwao, na nadhani wewe utaelewa hilo haraka kuliko wenzako wa ofisini.

Sikukuu ikiangukia wikendi utaona wameandika "Shabat shalom vehag sameah", Sabato na sikukuu njema. Jibu vilevile. Lakini usipeleke "hag sameah" kwa kila siku yenye jina kwenye kalenda yao. Yom Kipur ni siku ya kufunga na toba, na siku zinazoielekea watu wanaambiana "Gmar hatima tova". Ukiiona hiyo, irudishe kama ilivyo.

Halafu kuna salamu ambayo wageni wengi hawaijui, nayo kwa kazi yako ni muhimu kuliko zote. Sabato ikishatoka Jumamosi usiku, "Shabat shalom" imeisha muda wake. Sasa wanasema "Shavua tov", wiki njema. Jibu lake ni hilohilo, "Shavua tov", na hapo hata mwenye kusita hana la kusita, haina Sabato ndani. Jumapili asubuhi wao wanaanza kazi wakati wewe labda umelala, na ndiyo siku watakayokutafuta. Ile salamu ya Ijumaa usiyoijibu kwa kuchelewa usiirudie Jumapili. Anza ujumbe wako na "Shavua tov" kisha ingia kwenye kazi. Jumatatu bado utaisikia kwa mtu ambaye hamjaonana tangu wiki ianze. Ikifika Jumanne, mwandikie "Shalom" ya kawaida.