Maswali na majibu: Mwaka 2000 ni wa karne ipi?

*Mwanangu wa darasa la saba aliandika kwamba karne ya 21 ilianza mwaka 2000, mwalimu akamkata. Mimi mwenyewe nilikesha kuipokea karne mpya usiku ule wa kuamkia 2000. Nani kakosea?*

Wewe na mwanao, na mlikuwa wengi. Karne ya 21 ilianza Jumatatu ya tarehe 1 Januari 2001, na itakwisha Ijumaa ya tarehe 31 Desemba 2100. Mwaka 2000 wote, hadi saa sita usiku wa siku yake ya mwisho, ulikuwa wa karne ya 20.

Chukua mfano wa mtu anayehesabu nazi na kuzipanga mafungu ya mia mia. Ya kwanza anaiita moja, hana nazi anayoiita sifuri. Akifika nazi ya 100, anaiweka wapi? Kwenye fungu la kwanza, maana bila hiyo fungu lina nazi 99, na mnunuzi atamrudia. Fungu la pili linafunguliwa na nazi ya 101. Endelea hivyo hivyo na utaona kwamba nazi ya 2000 inakamilisha fungu la ishirini, na ya 2001 inaanza la ishirini na moja. Miaka nayo ilianza kuhesabiwa kwenye 1, kwa hiyo ukitaka 2000 iwe ya karne ya 21, itabidi karne moja huko nyuma uiache na miaka 99.

Kilichowavuta watu kukesha kilikuwa tarakimu. Kuona 1999 ikigeuka 2000, namba zote nne kwa mpigo, kunasisimua kuliko 2000 kuwa 2001. Sherehe hiyo mlikuwa na haki nayo kabisa. Ilikuwa sherehe ya tarakimu tu, haikuwa ya karne.

*Kwa nini basi hao waliotunga kalenda hawakuanza na sifuri? Hawakuijua?*

Jibu la kawaida ni kwamba Warumi hawakuwa na tarakimu ya sifuri. Ni kweli, ila naona halifiki kwenye kiini.

Hesabu hii ya miaka ilitungwa mwaka 525 na mtawa mmoja wa Roma, Dionisi, aliyejiita Exiguus, yaani mdogo, kwa unyenyekevu. Kazi aliyopewa haikuwa kutunga kalenda. Alikuwa anatengeneza jedwali la tarehe za Pasaka. Majedwali yaliyokuwapo yalihesabu miaka tangu utawala wa Kaisari Diokletiano, na huyo Diokletiano aliwatesa Wakristo vibaya. Dionisi hakutaka Pasaka iendelee kubeba jina la mtesaji, akaamua kuhesabu kuanzia kuja kwa Bwana. Jedwali lake jipya lilianza na mwaka 532. Ajabu ni kwamba katika safu moja ya jedwali hilo, ile ya umri wa mwezi wa angani, penye kukosekana kitu aliandika neno la Kilatini lenye maana ya "hakuna". Wazo la kutokuwepo kitu alikuwa nalo, kwa hiyo.

Hakulitumia kwenye miaka kwa sababu hakulihitaji. Mwaka kwake ulikuwa na jina la nafasi: mwaka *wa kwanza* wa Bwana, *wa pili*, *wa tatu*. Nafasi haina sifuri. Sisi leo sifuri tunaijua tangu chekechea, na bado hatuna tarehe sifuri Januari, wala kidato cha sifuri. Hata kalenda ya Hijria, iliyowekwa wakati wa Khalifa Umar bila kumtegemea Dionisi kwa lolote, inaanza na Muharram mosi ya mwaka wa 1.

Baadaye mtawa wa Uingereza, Beda, katika historia aliyoimaliza mwaka 731, aliieneza hesabu ya Dionisi na pia akarudi nayo nyuma ya Kristo. Kwa hiyo mwaka 1 KK umegusana na mwaka 1 BK bila kitu katikati.

*Lakini mtoto akizaliwa haambiwi ana mwaka mmoja. Anaanza na sifuri, anatimiza mmoja baadaye. Mbona miaka ya kalenda isiwe hivyo?*

Hili ndilo swali zuri kuliko yote ya wiki hii, na msomaji wa Kiswahili analo jibu lake mkononi, kwenye saa.

Jua likichomoza tunasema saa kumi na mbili. Saa moja kamili inafika baada ya muda wa saa nzima kupita. Dakika ishirini baada ya saa kumi na mbili asubuhi, tayari tumo ndani ya saa ya kwanza ya mchana, lakini hatusemi "saa moja", kwa sababu haijatimia. Saa yetu inahesabu kilichokwisha. Umri wa mtoto ni hivyo hivyo: mwenye miezi minane yumo katika mwaka wake wa kwanza, ila hajatimiza hata mmoja.

Mwaka wa kalenda hauhesabu kilichokwisha. Unataja kile ulichomo. Siku ya kwanza kabisa ya hesabu ya Dionisi, hata siku moja haijapita, tayari ni mwaka 1. Ukiandika leo mwaka 2001, maana yake halisi ni "tumo katika mwaka wa elfu mbili na moja", na iliyokwisha timia nyuma yako ni 2000. Ndiyo maana karne ya 21 ikafunguka hapo, miaka 2000 kamili ilipokuwa imekwisha kupita. Karne yenyewe nayo ni jina la nafasi, ndiyo sababu tunasema karne *ya* 21 hali miaka inaandikwa 20 na kitu.

Tukichanganya hesabu hizi mbili ndipo tunapokosea, na kosa huwa la mwaka mmoja, halizidi wala halipungui. Linaonekana wazi zaidi tunapovuka kutoka KK kwenda BK. Kaisari Augusto alizaliwa tarehe 23 Septemba 63 KK, akafa tarehe 19 Agosti 14 BK. Wengi watajumlisha 63 na 14, wapate 77. Lakini hakuna mwaka sifuri wa kupita katikati, kwa hiyo toa mmoja: 76. Huo ndio umri ambao angeutimiza Septemba ya mwaka 14. Alikufa Agosti, mwezi mmoja kabla, basi alikuwa na miaka 75.

Italia nzima iliwahi kuanguka kwenye shimo hili. Mshairi Virgili alizaliwa Oktoba mwaka 70 KK. Mwaka 1930 Waitalia walisherehekea miaka elfu mbili tangu kuzaliwa kwake, wakatoa hadi stempu za posta. Walijumlisha 70 na 1930. Elfu mbili ilitimia Oktoba 1931. Walipofika kwa mshairi mwenzake Horasi, aliyezaliwa mwaka 65 KK, walishaerevuka: stempu zake zilitoka mwaka 1936, wala si 1935.

*Kama serikali zingekubaliana kwamba karne inaanza kwenye 00, si ingekwisha?*

Moja ilijaribu. Ujerumani ya Kaisari Wilhelm wa Pili iliamua rasmi kwamba karne ya 20 ianze tarehe 1 Januari 1900. Uingereza na wengine wengi walingoja 1901, na Australia ikachagua siku hiyohiyo, tarehe 1 Januari 1901, kuzaliwa kama shirikisho. Fikiria: Bara ya Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani na Unguja chini ya ulinzi wa Waingereza, kwa hiyo kwa mwaka mzima watawala wa pande mbili za mkondo ule mwembamba walikuwa katika karne mbili tofauti, ingawa jahazi lililovuka halikulihisi hilo.

Uamuzi wa Berlin haukudumu kwenye vitabu. Ukitaka karne zianze kwenye 00, lazima ukubali mojawapo: karne ya kwanza yenye miaka 99, au mwaka sifuri. Wanajimu wa elimu ya nyota walichagua la pili. Tangu Jacques Cassini mwaka 1740 wanauita mwaka 1 KK sifuri, mwaka 2 KK kutoa moja, na kuendelea, ili kutoa na kujumlisha kusiwasumbue. Kwa kazi yao inafaa sana. Ila hapo Augusto kazaliwa mwaka −62, na mwalimu wa historia hatakuelewa.

*Na Waislamu je? Tulisherehekea karne ya 15 ya Hijria mwaka 1400.*

Kanuni ni ileile. Mwaka 1400 ulikuwa wa mwisho wa karne ya 14, na karne ya 15 ikaingia na Muharram 1401, iliyoangukia Novemba 1980. Mvuto wa namba kamili ulikuwa mkali huko pia, na kwa uchungu zaidi: watu wenye silaha walioiteka Msikiti Mtakatifu wa Makka tarehe 20 Novemba 1979 walichagua makusudi mwanzo wa mwaka 1400. Hadithi inayotaja kuja kwa mwenye kuihuisha dini inasema "kwenye kichwa cha kila miaka mia", na wanazuoni wamejadiliana tangu zamani kama kichwa hicho ni mwanzo au mwisho wa mia.

*Nina jedwali la matukio ya historia kwenye kompyuta. Nipate vipi karne bila kukosea?*

Kwa kichwa: toa moja, kata tarakimu mbili za mwisho, ongeza moja. Mkataba wa Buganda ulitiwa saini Machi 1900. Toa moja, 1899. Kata mbili, 18. Ongeza moja, 19. Kwa hiyo ni wa karne ya 19, ingawa unaonekana umekaa kwenye "miaka ya 1900". Majimaji, 1905, inakupa 20. Kwenye kompyuta, kama mwaka uko kwenye kisanduku A2:

```
=ROUNDUP(A2/100,0)
```

Jaribu na 2000 na 2001 kwanza. Ukipata 20 na 21, fomula yako ni nzima. Ukipata 21 na 21, mtu kaiandika kwa kukata tarakimu mbili na kuongeza moja bila kutoa moja kwanza. Na fomula hii ni ya miaka ya BK tu. Kwa KK tumia namba bila alama ya kutoa, kisha andika KK mwenyewe.

*Swali fupi: wanasema Yesu alizaliwa kabla ya mwaka 1. Hesabu yote si imevunjika?*

Haijavunjika. Injili inasema Yesu alizaliwa wakati wa Mfalme Herode, na Herode anakadiriwa na wengi kufa mwaka 4 KK, kwa hiyo yaelekea Dionisi alikosea miaka kadhaa. Lakini mwaka 1 umebaki pale alipoupigilia, na karne zinapimwa kutoka pale.