Kamera inayumba hata nikitulia

"Kamera inafuata uso wangu, ila hata nikitulia inayumba kushoto kulia. Nimefunga sevo mbili. Niko Moshi."

Ndugu, unasahihisha kosa lilelile mara mbili. Picha unayoipima imeshapitwa: sevo inazunguka, kitambuzi bado kinasema uso uko pembeni.

Tuseme picha ina upana wa pikseli 320 na lenzi inaona nyuzi 60. Pikseli moja ni kama nyuzi 0.19. Uso ukiwa pikseli 40 kutoka katikati, hizo ni nyuzi 7.5. Usizimalize kwa mkupuo, sogea theluthi tu, na uso ukiwa ndani ya pikseli 15 usisogee kabisa. Hapa kosa ni pikseli za uso kutoka katikati, pan ni pembe ya sevo ya kushoto kulia.

```
if abs(kosa) > 15:
    pan -= 0.3 * kosa * 0.19
```

Kamera ikikukimbia, geuza alama: -= iwe +=. Mimi hapa Njiro ilinikimbia jioni nzima! Ukiiamuru sevo ibaki pembe moja na bado inatetemeka, kagua umeme kwanza: sevo zipe adapta yake ya volti 5, graundi iwe moja na bodi.