Shanti ina skrubu ndogo, wadogo zangu, zitumieni

Vijana mnaofunga sola huku kwetu Mtwara, nimechoka kurudia hili ila narudia.

1. Msipime shanti kwa mita ya mkononi kwenye omu. Shanti ya 100A 75mV ina miliomu 0.75 tu, na zile nyaya za mita zenyewe zinaweza kuwa na omu 0.2, kwa hiyo ukisoma 0.2 jua umepima nyaya zako.

2. Bolti mbili kubwa ni za kupitisha mzigo, skrubu mbili ndogo ni za kusoma volti, basi. Sasa kuna mdogo wangu mmoja alifunga mfumo wa friza za samaki Mikindani, waya wa kupimia upande wa betri ukawa mfupi, yeye akaona taabu ya nini, akaubana kwenye teminali hasi ya betri yenyewe, si waya mmoja ule ule? Monita ikawa inasoma amp 52, friza zinakatwa usiku mapema eti betri zimeisha, mwenye friza analia, na kijana ameshaanza kumpigia hesabu ya betri mpya! Nikaweka klampu ya DC (ya AC tu haitakusaidia kitu hapo), ikasoma 40. Nikagusa mita kwenye skrubu ndogo, milivolti 30, na 40 mara 0.75 ni 30, shanti haina kosa. Nikahamia pale alipobana yeye, 39. Hizo 9 za ziada zimetoka wapi? Kati ya betri na shanti kuna waya wa 16mm² kama sentimita 20, ambao ni karibu miliomu 0.21, ongeza vichwa vya waya vilivyobanwa kidogo kidogo unafika 0.225, zidisha kwa amp 40. Waya mnene wa shaba umekula karibu theluthi ya shanti nzima, na kwa macho ungeapa hauna rezistansi.

Yeye akasema basi tubadilishe setingi ya monita tuipunguze. Ee bwana we! Shaba inapanda karibu 0.4% kila digrii moja ya joto, na vichwa vya waya kwa chumvi ya bahari hii vinashika kutu ya kijani, hiyo setingi utaibadilisha kila mwezi? Manganini ya kwenye shanti ndiyo haitikisiki na joto.

Na msidanganyike kwa kuwa mzigo ukizimwa monita inasoma sifuri safi, kosa hili linakua na amp, bila amp halionekani.

3. Waya wa kupimia ukiwa mwembamba na mrefu poa tu. Monita yenye megaomu 1 mlangoni haivuti umeme wa maana, hata waya ukiwa na omu nzima unapoteza sehemu moja kwa milioni. Kwa hiyo ukiwa mfupi nunua mwingine, ni bei ya chai.

Sokoteni zile nyaya mbili za kupimia pamoja, na kabla ya kuondoka washeni mzigo mkubwa mlinganishe na klampu.